Rasimu Iliyorudi na Maoni Makali: Namna ya Kuyasoma, Kuyapanga na Kuyafanyia Kazi

Rasimu ya sura ya tasnifu hurudi kwa mwanafunzi ikiwa imejaa maneno mafupi pembezoni: "Hoja yako iko wapi?", "Umelitoa wapi hili?", "Sioni pengo", "Andika upya." Maneno haya huumiza kwanza kwa ufupi wake, kwa kuwa yanataja kosa bila kueleza tiba. Huumiza pia kwa sababu hayana ngazi. Koma iliyokaa vibaya na sehemu nzima iliyopoteza mwelekeo hukemewa kwa sauti ileile. Mwanafunzi anayeyasoma kwa mfululizo huona makosa arobaini au hamsini yenye uzito mmoja, naye ama huifunga rasimu kwa miezi, ama huanza kusahihisha kuanzia ukurasa wa kwanza kuelekea wa mwisho. Hiyo njia ya pili huonekana kuwa ya bidii, lakini mara nyingi ndiyo inayoleta barua ya pili iliyo kali kuliko ya kwanza.

Sura inayoandamwa zaidi ni ya pili, ile ya mapitio ya kazi tangulizi. Sura ya kwanza huwa imeshapita mikononi mwa wengi wakati wa pendekezo la utafiti, na sura ya nne ina data ambazo mwanafunzi anazijua kuliko mtu mwingine yeyote. Sura ya pili humtaka azungumzie kazi za wakubwa wake na kuzipima. Wengi huona haya kufanya hivyo. Badala ya kupima, huorodhesha: fulani alisema hivi, na fulani naye akasema vile. Msimamizi hukuta kurasa thelathini zisizo na sauti ya aliyeziandika.

Mfano utakaofuatwa hapa umeundwa kwa ajili ya maelezo, ila makosa yake ni ya kila siku. Mwalimu wa sekondari nchini Tanzania anasoma shahada ya umahiri huku akiendelea kufundisha. Utafiti wake unahusu walimu wa Biolojia wa kidato cha kwanza wanaobadili msimbo, yaani wanaohama kati ya Kiingereza na Kiswahili ndani ya kipindi kimoja. Mada ina mizizi: elimu ya msingi katika shule za serikali hutolewa kwa Kiswahili, kisha mwanafunzi akiingia sekondari hukutana na Kiingereza kama lugha ya kufundishia. Sura yake ya pili ina kurasa 32. Imerudi na maoni 47, na juu kabisa pameandikwa: "Haya si mapitio, ni orodha. Kazi hii haijafikia kiwango cha umahiri."

Usomaji wa kwanza wa maoni hayo una kazi moja tu, nayo ni kuyafikia yote hadi mwisho. Faili halifunguliwi kwa ajili ya kusahihisha, na msimamizi hajibiwi siku hiyo. Sababu yake si adabu peke yake. Sentensi inayochoma huvuta macho yote kwake na kuzificha zile zenye msaada. Katika mfano huu, mwalimu yule anayeamka na neno "haijafikia kiwango" kichwani anaweza asione kabisa kwamba kwenye ukurasa wa 19 msimamizi ameandika, "Hapa ndipo ulipoanza kuchambua. Fanya hivi kwingine." Maoni hayo ndiyo yenye thamani kuliko yote, maana yanaonyesha ndani ya maandishi ya mwanafunzi mwenyewe kile kinachotakiwa. Siku moja au mbili za kuiacha kazi zinatosha. Wiki mbili ni nyingi mno, kwa sababu mwandishi husahau alichokusudia kusema katika kila aya, na kuirudia sura huanza kufanana na kuisoma kazi ya mtu mwingine.

Kazi halisi huanza katika usomaji wa pili, na chombo chake ni jedwali la safu nne. Safu ya kwanza ni namba ya maoni na ukurasa. Ya pili ni maneno ya msimamizi kama yalivyo, bila kulainishwa. Ya tatu ni tafsiri ya mwanafunzi: anadhani anatakiwa afanye nini? Ya nne huachwa wazi mpaka marekebisho yafanyike. Safu ya tatu ndiyo ngumu, na ndiyo inayoondoa ukali. "Umelitoa wapi hili?" hugeuka kuwa "dai hili halina chanzo. Tafuta chanzo au lifute." "So what?" iliyokwaruzwa kwa haraka na msimamizi aliyezoea kuandika maoni yake kwa Kiingereza hugeuka kuwa "eleza matokeo ya kazi hii yana maana gani kwa swali langu la utafiti." Maoni yasiyogeuka kuwa kitendo, hata baada ya kusomwa mara tatu, hutiwa alama ya kuuliza.

Mwalimu wa mfano wetu alipomaliza kuyaandika yote 47, alianza kuyapanga kwa aina ya kosa badala ya kurasa. Maoni 19 yalihusu lugha na marejeleo: tahajia, sentensi ndefu, mwaka uliotajwa ndani ya matini lakini haumo kwenye orodha ya marejeleo. Maoni 14 yalikuwa kosa lilelile la kuorodhesha, lililosemwa kwa namna mbalimbali: "na hivyo?", "unganisha", "umenakili muhtasari", "hoja yako iko wapi?". Sita yalihusu madai yasiyo na chanzo. Matano yalihusu kiunzi cha nadharia, ambacho kilikuwa kimeelezwa kwa kurasa nne bila kuhusishwa na darasa lolote. Matatu yalisema pengo la utafiti halionekani. Kumbe makosa 47 yalikuwa matano. Tena kati ya hayo matano, mawili yanategemea la pili: kazi zikiorodheshwa tu, pengo haliwezi kuonekana, na nadharia haina mahali pa kushikia.

Hapa ndipo ilipo sababu ya kutoanza na ukurasa wa kwanza. Maoni 19 ya lugha huvutia kwa kuwa ni mepesi, na kuyamaliza kwa jioni mbili huleta raha ya kuona orodha imepungua karibu nusu. Lakini sura hii itavunjwa. Aya nyingi zenye makosa hayo ya tahajia hazitakuwapo tena baada ya sehemu tatu kuandikwa upya, na zile mpya zitakuja na makosa yake. Kusahihisha lugha kwanza ni kulipia kazi moja mara mbili. Mpangilio wa kazi unakwenda kinyume na wepesi wake: muundo wa sura, kisha hoja ndani ya sehemu, kisha nadharia na pengo, na lugha mwisho kabisa.

Kabla ya kuandika upya, yale yenye alama ya kuuliza hupelekwa kwa msimamizi. Ujumbe wa kuomba ufafanuzi hufaa uwe mfupi na uwe na swali linaloweza kujibiwa kwa sentensi moja. Kusema "sijaelewa maoni yako" kunamrudishia msimamizi kazi yote. Mwalimu wetu aliandika hivi: "Shikamoo, Daktari. Asante kwa kuisoma sura ya pili. Nimeyapanga maoni yote kwenye jedwali. Kwenye ukurasa wa 24 umeandika kwamba nadharia haihusiani na kazi. Nimeelewa kwamba nadharia ibaki, ila nionyeshe itakavyotumika kuchambua vipindi vya darasani. Je, nimeelewa sawa, au unashauri niibadili?" Msimamizi anaweza kujibu "sawa" tu, na hilo neno moja limeokoa majuma. Maoni yaliyotolewa kwa mdomo ofisini nayo huandikwa siku hiyohiyo na kutumwa kwa msimamizi kama muhtasari, kwa sababu baada ya miezi miwili kila mmoja atayakumbuka kivyake.

Mwanafunzi ana haki ya kutokubaliana. Mwalimu wetu, kwa mfano, alitakiwa kuondoa kazi ya Abdulaziz Mkilifi ya 1972 kwa kuwa ni ya zamani. Kazi hiyo ilieleza hali ya Tanzania ambamo lugha ya kabila, Kiswahili na Kiingereza zinagawana majukumu katika maisha ya mtu mmoja, na bado inatajwa na wanaoandika juu ya mada hii. Jibu lenye nguvu halisemi "naona ni muhimu." Linataja kazi hiyo inabeba hoja gani ambayo hakuna nyingine surani inayoibeba, kisha linapendekeza kupunguza maelezo yake kutoka ukurasa mzima hadi aya moja. Pingamizi mbili au tatu za namna hii katika maoni 47 huonyesha mtu anayefikiri. Pingamizi ishirini huonyesha kwamba usomaji wa kwanza haujaisha.

Kuna maoni ya aina nyingine, yanayomgusa mtu na kuiacha kazi: yanayodharau akili yake, asili yake, jinsia yake au lafudhi yake. Hayo hayana tafsiri ya kuandikwa kwenye safu ya tatu na hayapaswi kutafutiwa. Huhifadhiwa yalivyo, pamoja na tarehe, na yakijirudia hupelekwa kwa maandishi kwa mratibu wa masomo ya uzamili au mkuu wa idara. Kumwambia mwanafunzi avumilie tu matusi kwa sababu "ndivyo usomi ulivyo" ni kumwonea.

Kuandika upya kunaanza na kusoma upya, na hili ndilo wanafunzi wengi hulikwepa. Orodha haigeuki kuwa hoja kwa kuongezewa maneno "vilevile" na "hata hivyo" katikati ya aya zilezile. Kinachohitajika ni jedwali jingine, ambalo kila kazi tangulizi inapewa mstari na maswali yanapewa safu: mtafiti alitazama nini, alikusanya data wapi na kwa nani, alihitimisha nini, na darasa la Biolojia la kidato cha kwanza linaguswaje. Mstari ukisomwa kwa upana hutoa muhtasari wa kazi moja, jambo ambalo rasimu ya kwanza tayari ilikuwa nalo. Safu ikisomwa kwenda chini ndipo mapitio huzaliwa, kwa sababu kazi mbalimbali zinakutana juu ya swali moja.

Katika mfano huu, safu ya "data zilikusanywa wapi" ilifichua jambo. Ripoti ya Criper na Dodd ya 1984 ilipima kiwango cha Kiingereza katika shule za Tanzania na kuonyesha kwamba wanafunzi wengi wa sekondari hawakuwa nacho cha kutosha kujifunzia masomo. Kitabu alichokihariri Casmir Rubagumya, kilichotoka 1990, kiliyajadili masuala ya lugha katika elimu kwa jicho la Tanzania. Birgit Brock-Utne na wenzake, katika mradi wa LOITASA ulioanza 2002, waliijadili lugha ya kufundishia Tanzania na Afrika Kusini. Carol Myers-Scotton, katika vitabu viwili vya 1993, aliunda maelezo ya ubadilishaji msimbo ambamo lugha moja hutoa kiunzi cha sentensi na nyingine huchopeka maneno yake, akitegemea kwa sehemu kubwa mazungumzo yaliyorekodiwa Nairobi. Rasimu ya kwanza ilikuwa imezipa kazi hizi aya nne zinazofuatana kwa miaka, kila moja ikianza na jina la mtafiti na kuishia kwa "utafiti huu unafanana na wa sasa."

Toleo jipya lilianza aya kwa hoja. Sehemu ya kati ya aya hiyo ilisomeka hivi: "Kazi zilizotazama shule zimeeleza zaidi kama wanafunzi wanaielewa lugha ya kufundishia na kama lugha hiyo inafaa (Criper na Dodd, 1984, Rubagumya, 1990). Kazi iliyoeleza kwa kina sentensi zenye lugha mbili inavyoundwa imetegemea zaidi mazungumzo ya kawaida mjini (Myers-Scotton, 1993). Miongoni mwa kazi zilizopitiwa hapa, hakuna iliyofuatilia sentensi za mwalimu wa sayansi anapoeleza dhana mpya kwa wanafunzi waliotoka kusoma kwa Kiswahili." Kwa sentensi tatu, orodha imevunjika, pengo limeonekana lenyewe, na nadharia imepata kazi: itatumika kuangalia kama kiunzi cha sentensi ya mwalimu ni cha Kiswahili au cha Kiingereza anapofikia dhana ngumu. Maneno "miongoni mwa kazi zilizopitiwa hapa" yana uzito pia. Kusema "hakuna aliyewahi kuchunguza" ni kualika swali la msimamizi la "umejuaje?", maana utafiti juu ya lugha madarasani Tanzania ni mwingi.

Lipo jaribio rahisi la kujua kama sura imebadilika kweli. Sentensi ya kwanza ya kila aya hunakiliwa kwenye karatasi tupu, kisha husomwa kwa mfululizo. Zikianza kwa majina ya watu na miaka, sura bado ni orodha. Zikisomeka kama hoja inayosonga kutoka jambo moja kwenda jingine, mifupa ya sura imesimama.

Ratiba ndipo nia njema huharibikia. Mwanafunzi akiulizwa na msimamizi lini ataleta marekebisho, hujibu "wiki mbili, Daktari," kwa sababu jibu hilo linapunguza aibu ya siku hiyo. Watafiti wa saikolojia Roger Buehler, Dale Griffin na Michael Ross walichapisha mwaka 1994 uchunguzi wa wanafunzi wa shahada ya kwanza waliokuwa wakimalizia tasnifu zao. Kwa wastani walikadiria wangemaliza kwa siku 34 hivi. Walipoulizwa itakuwaje kila jambo likienda vibaya, walisema kama siku 49. Walitumia zaidi ya siku 55. Kundi lilikuwa dogo, lakini matokeo yake yanafundisha: hata makadirio ya hali mbaya kabisa yalikuwa mafupi kuliko hali halisi.

Kwa hiyo ratiba hujengwa kwa saa, na saa zenyewe hupimwa kwanza. Mwalimu wetu aliamini ana saa 12 kwa wiki: jioni nne za saa mbilimbili na Jumamosi asubuhi saa nne. Kwa wiki moja aliandika saa alizokaa mezani kweli. Zilikuwa saba. Nyingine zilikwenda kwenye kusahihisha mitihani, msiba wa jirani na umeme uliokatika. Wiki hiyo haikuwa ya bahati mbaya. Wiki zinazofuata zitakuwa na mambo yake ya namna hiyohiyo, na saa saba ndiyo namba ya kupangia.

Upande wa kazi, alikadiria hivi: kusoma upya kazi nane na kujaza jedwali, saa 12, mpangilio mpya wa sura, saa 3, kuandika upya kurasa 14 kwa saa moja na nusu kila ukurasa, saa 21, nadharia, saa 6, pengo, saa 3, lugha, vyanzo na marejeleo, saa 7. Jumla ni saa 52, ambazo kwa saa saba kwa wiki ni wiki saba na siku kidogo. Makadirio hayo yakiongezwa kwa uwiano unaokaribia ule wa wanafunzi wa 1994, yaani mara moja na zaidi ya nusu, hufika saa 83 hivi, au wiki 12. Hiyo ndiyo namba ya kumwambia msimamizi, hata kama inaonekana ndefu.

Wiki 12 za ukimya, hata hivyo, ni hatari. Msimamizi atasahau, na mwanafunzi anaweza kwenda upande usio sahihi kwa miezi mitatu. Mwalimu wetu alizigawa kwa vituo vya kuwasilisha. Wiki tatu za kwanza ni za kusoma. Katikati ya wiki ya nne anatuma kurasa mbili tu: mpangilio mpya wa sura pamoja na sentensi ya kwanza ya kila aya anayokusudia. Mwisho wa wiki ya sita anatuma sehemu moja iliyoandikwa upya kikamilifu, kurasa nne au tano. Msimamizi akiikubali, sehemu zilizobaki zinafuata mtindo huo hadi wiki ya nane. Akiikataa, kilichopotea ni kurasa tano badala ya 32. Wiki ya tisa na ya kumi ni za nadharia na pengo, na mbili za mwisho ni za lugha, vyanzo na marejeleo. Muda wa msimamizi kusoma hauhesabiwi ndani ya wiki hizo. Huulizwa mapema na kuandikwa pembeni, hasa kama tarehe ya kuwasilisha tasnifu au malipo ya ada ya muhula mwingine imekaribia.

Ratiba hukaguliwa mwisho wa wiki ya tatu. Ikiwa kazi tano tu kati ya nane zimesomwa, mwendo halisi umejulikana na haufai kubishiwa. Kinachopunguzwa hapo ni ukubwa wa kazi: kazi mbili ambazo kwenye jedwali hazijibu swali lolote la utafiti zinaachwa, au tarehe ya kituo kinachofuata inasogezwa na msimamizi anaarifiwa kabla haijafika. Kupunguza usingizi ili kufidia kwa kawaida huzaa kurasa ambazo zitarudi na maoni yaleyale.

Sura inapopelekwa tena, huambatana na lile jedwali la kwanza, sasa safu yake ya nne ikiwa imejaa: kilichobadilishwa, ukurasa mpya, au sababu ya kutobadilisha. Faili la zamani hubaki kama lilivyokuwa, tuseme `Sura2_R1.docx`, na jipya huitwa `Sura2_R2.docx`, ili msimamizi akitaka kulinganisha atumie Compare ya Word bila kutafuta. Pale maoni 14 yalipojibiwa kwa badiliko moja, jedwali lisema hivyo waziwazi na litaje kurasa zote zilizoguswa. Msimamizi anayeweza kupitia jedwali kwa robo saa na kujua kila neno lake limekwenda wapi huwa na nafasi ya kusoma hoja yenyewe, na maoni ya mzunguko wa pili huanza kuhusu kile sura inachosema.